Meza Moja na Viti Sita: Jinsi Tunavyokadiria Bei ya Samani Iliyotumika

(Maelezo ya kamati ya dhamana mbele ya wanachama na wageni, siku ya kutimiza miaka kumi)



Sisi watatu wa kamati ya dhamana tumeombwa tuseme kidogo juu ya kazi yetu. Wengi mnatujua kwa jambo moja tu, kwamba ndio wale wanaoingia nyumbani kwa mtu, wanapindua viti miguu juu na kuchungulia nyuma ya kabati kwa tochi. Tunavyosemwa tunajua. Leo basi tueleze ni kitu gani tunachokitafuta huko nyuma ya kabati.

Tuanze na kosa letu wenyewe, maana waliokuwepo mwaka 2018 wanalikumbuka na wasiokuwepo wamesimuliwa. Mwenzetu mmoja alifiwa na mume, marejesho yakamshinda, akabakiwa na deni la shilingi 180,000. Dhamana yake ilikuwa kabati la vyombo. Tulikwenda kulitazama. Lilikuwa jeusi kwa moshi, vanishi imebambuka, kioo kimoja kimepasuka na mlango mmoja unaning'inia. Tukatazamana, tukasema laki moja na nusu, tena tukaona tumempendelea. Akaja mnunuzi, akalipa bila kubisha. Hilo la kutobisha lingetosha kutushtua.

Wiki tatu baadaye mmoja wetu alilikuta kabati lile lile Keko, kando ya barabara, limepigwa msasa, lina kioo kipya na bawaba mpya, linauzwa 700,000. Alilitambua kwa herufi ambazo mtoto wa yule mama alikuwa amezikwaruza ndani ya droo. Tukitoa kazi ya fundi na faida ya mfanyabiashara, ambayo ni haki yake, bado mwenzetu alikuwa amepoteza si chini ya laki mbili kwa mikono yetu. Kikundi kilikaa, kikafuta deni la 30,000 lililokuwa limebaki na kumpa laki moja kutoka mfuko wa jamii. Haikutosha, na yeye mwenyewe alisema hivyo kikaoni.

Baada ya hapo tulimwomba fundi seremala mmoja mzee wa huko huko Keko atufundishe. Alitufundisha Jumamosi nne kwa malipo ya soda na nauli. Neno lake la kwanza lilikuwa kwamba samani ina ngozi na ina mifupa. Vanishi, kitambaa, kioo na bawaba ni ngozi. Mbao na maungo ndiyo mifupa. Sisi tulikuwa tumekadiria ngozi.

Sasa basi, bei inaanzia wapi? Muuzaji huanzia pale aliponunulia, au kwenye ada ya mtoto inayotakiwa Jumatatu. Mnunuzi huanzia mfukoni mwake. Vyote hivyo tunavielewa, lakini hakuna hata kimoja kinachosema lolote juu ya kabati. Sisi tunaanzia kwenye swali moja: je, mtu akitaka kitu kama hiki hiki leo, kipya, cha mbao hii hii, ukubwa huu huu, na kimeungwa hivi hivi, atalipa shilingi ngapi? Tunakwenda kwa mafundi watatu na vipimo vyetu vimeandikwa kwenye karatasi. Hatuandiki bei wanayoanza nayo, tunaandika ile tunayofikia baada ya kupatana, kwa sababu bei ya kuanzia hailipwi na mtu. Na akitokea fundi mmoja aliye rahisi kuliko wenzake kupita kiasi, tunamwuliza mbao ni ipi kabla ya kufurahi. Mara nyingi hapo ndipo siri inapofichuka.

Tuseme basi juu ya mbao. Hapa Dar es Salaam samani nyingi za zamani ni mninga, nyingine mkongo, mvule au mtiki, na za miaka ya karibuni ni paini kutoka mashamba ya miti kama yale ya Sao Hill huko Mufindi. Halafu kuna zile za chipbodi, yaani unga na vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi na kufunikwa kwa karatasi yenye picha ya mbao. Paini hupakwa rangi ikafanana na mninga hata macho ya mzoefu yakadanganyika, ukitazama mbele. Ndiyo sababu tunakwenda nyuma. Chini ya meza, ndani ya tundu la droo, upande wa kabati unaogusa ukuta, huko fundi hapotezi rangi yake. Mninga utauona wa kahawia, pengine wenye wekundu, na mzito mkononi. Paini ni nyeupe ya manjano, ina vifundo vya duara, na ukiikandamiza kwa ukucha wa dole gumba inabaki na alama. Chipbodi utaijua pembeni, pale karatasi ilipobanduka. Ikishaingia maji huvimba kama mkate, na ikishavimba hairudi.

Aina ya mbao inakuambia samani itafika umri gani na bei yake inaweza kuanguka mpaka wapi. Mninga wa miaka thelathini ukiurandaranda kidogo unakuta mbao ile ile ndani, tena imekwisha kukauka, haijikunji kwa urahisi kama mbao mbichi. Nasi tumeona samani mpya iliyotengenezwa kwa mbao mbichi ikafunguka maungo kabla ya mwaka kwisha, kwa sababu mbao ikikauka husinyaa. Chipbodi ni kinyume chake. Skrubu ikishachomoka hairudi kushika, maana tundu limekuwa unga. Kabati la chipbodi likihamishwa nyumba mara mbili au tatu, linakuwa limeanza kulala upande. Mwaka 2019 tulilipokea moja kama dhamana kwa thamani ya 400,000 kwa vile lilikuwa liking'aa. Lilipobebwa kwenda kwa mnunuzi, ubavu mmoja ulibaki mkononi mwa mchukuzi. Hilo nalo limo kwenye daftari la makosa yetu.

Jambo la wadudu tulipitie haraka. Ukiona vitundu vidogo kama vya pini, usikimbie na usipuuze. Pangusa mahali hapo, tandika gazeti chini, rudi baada ya siku chache. Kukiwa na unga mpya mweupe, bungua bado yumo. Kama hakuna, huenda ni ya kale. Tena tazama ameila mbao ipi. Kwenye mninga hupenda ule mti mweupe wa nje, na kiini chenye rangi hukiacha. Ubao mmoja mweupe uliolika unabadilishwa. Mguu uliolika wote ni habari nyingine.

Tuje kwenye maungo, na hapa mtuvumilie, maana ndipo fedha ilipo. Kiti au meza iliyotengenezwa vizuri imeungwa kwa ulimi na tundu. Ubao mmoja umechongwa ulimi mwishoni, mwingine umetobolewa tundu kwa patasi, ulimi ukaingia na gundi. Droo nzuri pembe zake zimeshikana kwa meno, kama vidole vya mikono miwili vilivyopishana. Samani ya haraka imegotanishwa na kupigwa misumari. Ikiwa mpya zote mbili husimama sawa. Lakini msumari hushika kwenye mbao kwa muda tu. Kila mtu anapokaa na kuegemea, unapanua tundu lake kidogo kidogo, na kwa hewa yetu hii ya pwani unapata kutu.

Namna ya kujua ni hii. Weka kiti mahali palipo sawa, weka goti juu ya kikalio, shika mgongo, kisha sukuma mbele na nyuma taratibu. Mwenzako achuchumae kutazama pale mguu wa nyuma unapokutana na ubao wa pembeni wa kikalio. Mstari wa ungo ukifunguka na kufumba, gundi imeachia. Kisha pindua kiti utafute misumari. Na meza ikiyumba msiilaumu upesi: izungushe robo duara. Ikiacha kuyumba, ubaya ni wa sakafu.

Ungo ulioachia gundi si ugonjwa mkubwa. Fundi huuchomoa, anakwangua gundi ya zamani mpaka mbao ionekane, anatia gundi mpya, anaufunga kwa kamba iliyosokotwa na kijiti ili ibane, na anauacha ulale hivyo mpaka kesho. Kiti kinarudi kuwa kiti. Ugonjwa mkubwa ni pale mwenye nyumba alipojitibu mwenyewe kwa misumari. Msumari unapopita katikati ya ulimi huupasua, na baada ya hapo fundi hana cha kugundisha, inabidi achonge kipande kipya. Jamani, tunawaomba, kiti kikilegea mwiteni fundi au kiacheni hivyo hivyo. Nyundo ya baba watoto imeshusha bei ya viti vingi katika mtaa huu kuliko bungua.

Sasa tuwape mfano mmoja tulioufanyia kazi mwaka 2024, kwa ruhusa ya wahusika wote wawili, ambao wako hapa na wanacheka.

Mwenzetu mmoja alikuwa anahamia Morogoro, anauza meza ya chakula ya mninga na viti sita. Alitaka 900,000. Hoja yake ilikuwa kwamba alinunua kwa 450,000 mwaka 2009 na vitu vyote vimepanda. Mwenzetu mwingine, mama ntilie, alizitaka kwa ajili ya banda lake jipya, akatoa 300,000, kwa kuwa "ni vitu vikuukuu, shoga yangu." Walikuwa wamekwisha kununiana siku mbili ndipo wakatuita.

Tulikwenda kwanza kwa mafundi. Mmoja alianza 1,700,000, mwingine 1,500,000, na wa tatu akasema 1,100,000. Huyu wa tatu tulimwuliza, akakiri kwamba meza ni mninga juu tu, miguu na viti ni paini iliyopakwa rangi. Tukamwacha. Kwa wawili wale, baada ya kupatana, tulifika 1,400,000 kwa mninga mtupu uliounganishwa kwa ulimi na tundu: meza 560,000 na kila kiti 140,000.

Kisha tukapindua viti. Meza ilikuwa imara kama mlima, imechubuka juu na kuwa na duara nyeupe za sufuria za moto. Ngozi tupu. Viti viwili vilikuwa vizima. Viwili vilikuwa vimeachia gundi. Viwili vilikuwa vimepigwa misumari, na kimoja kati ya hivyo mguu wake wa nyuma ulikuwa na ufa ulioanzia kwenye ungo. Sponji za vikalio vyote zilikuwa zimelala, na vitambaa vimechanika. Tulimleta yule fundi mzee atuambie matengenezo. Kupiga msasa na vanishi meza, 60,000. Vanishi ya viti sita, 48,000. Sponji na vitambaa, 72,000. Viti viwili vya gundi, 30,000. Kiti cha misumari kisicho na ufa, 25,000. Kile chenye ufa kinahitaji mguu mpya wa mninga, 45,000. Jumla 280,000.

Mahesabu yanayofuata yana mtego, nasi tulinaswa humo mara kadhaa kabla ya kuerevuka. Kitu kilichotumika, hata kikitengenezwa kikawa safi, hakilipiwi bei ya kipya. Mnunuzi hakuchagua ukubwa wala mtindo, hana fundi wa kumrudishia kikiharibika, na anabeba wasiwasi wa yale yasiyoonekana. Kwa hiyo kuna sehemu tunayoipunguza. Kikundi chetu kimezoea kupunguza robo kwa mbao ngumu yenye maungo ya ulimi na tundu, nusu kwa paini, na theluthi mbili kwa chipbodi. Huu ni utaratibu wetu wa humu ndani tu, wengine wanaweza kuwa na wao.

Mtego ni huu: unapunguza robo kwanza au unatoa matengenezo kwanza? Tulikuwa tunatoa matengenezo kwanza. Yaani 1,400,000 kutoa 280,000 ni 1,120,000, ukipunguza robo unabaki na 840,000. Mama ntilie angelipa hiyo, kisha aende kwa fundi alipe 280,000 kamili, maana fundi hampunguzii mtu robo kwa sababu kiti ni cha zamani. Jumla ingekuwa 1,120,000 kwa samani ambayo tumekubaliana haizidi robo tatu ya bei ya mpya. Kwa hiyo tunaanza na robo. Robo tatu ya 1,400,000 ni 1,050,000. Hapo ndipo tunatoa matengenezo 280,000, tunapata 770,000. Ukijumlisha alicholipa kwa mwenzake na alicholipa kwa fundi, inarudi 1,050,000 hasa. Tofauti ya njia hizi mbili ni 70,000, na kwa mama ntilie hiyo ni mchele wa siku kadhaa.

Tulipowatajia 770,000, wote wawili walikasirika. Tulikaa nao jioni nzima. Muuzaji alishikilia 450,000 zake za mwaka 2009. Tukamweleza kwamba hizo zingekuwa 100,000 au milioni moja, mninga wa leo ungebaki bei ile ile ya leo. Kilichomtuliza ni ile karatasi ya mafundi: tulimwambia aende mwenyewe akaulize, na akaenda. Mnunuzi naye alidai kwamba vanishi hataihitaji kwa sasa, atatandika kitambaa cha plastiki. Hapo tulimjibu kwamba imeshatolewa kwenye bei hata asipoifanya, kwa hiyo 108,000 hiyo inabaki mfukoni mwake, na asifikirie kuitoa mara mbili. Mwisho alichukua mkopo wa kikundi, akalipa 770,000 siku mbili kabla ya lori la Morogoro kufika.

Mtauliza, je, kama asingepatikana mnunuzi kabla ya lori? Bei hii ni ya watu wawili wenye nafasi ya kungoja. Mwenye haraka hupata pungufu, na karatasi ya mafundi haiwezi kuizuia. Ndiyo sababu samani ikiwekwa kama dhamana hatuandiki bei hii, tunaandika nusu yake, na tunamwambia mwenye mali wazi kwamba nusu hiyo ni kipimo cha mkopo tunaoweza kumpa, asije mtu akaichukua kama bei ya kuuzia. Yule mama wa mwaka 2018 hatukumtenganishia mambo hayo mawili. Na sasa hakuna dhamana inayouzwa kabla ya kutangazwa kwa wanachama siku kumi na nne.

Sofa tumeziacha makusudi. Mifupa yake imefunikwa, na kwa kweli hakuna kati yetu anayeziweza vizuri bila kuchana kitambaa cha chini. Ikibidi, tunainua pembe moja ya mbele. Mguu wa pembe ya pili ukichelewa kuinuka, fremu imelegea. Zaidi ya hapo tunamwita fundi.

Tumalizie habari ya viti. Fundi alipokifungua kile kiti cha misumari kisicho na ufa, alikuta ulimi umekatika kabisa ndani ya tundu. Kwa nje hakukuwa na dalili yoyote, nasi tulikuwa tumekitikisa kama vingine, ila misumari ilikuwa imekikaza kwa muda. Ikaongezeka 20,000. Mama ntilie alitaka irudishwe yote, maana bei ilipangwa kwa kiti cha 25,000. Tulipiga simu Morogoro. Mwenzetu wa huko alisema hakujua, na tulimwamini, kwa kuwa misumari ilipigwa na mpangaji wake wa zamani. Wakakubaliana kila mmoja abebe nusu, akatuma 10,000 kwa simu jioni ile ile. Toka siku hiyo, kiti chochote chenye msumari kwenye ungo tunakihesabu kama ulimi wake umekufa, mpaka fundi aonyeshe vingine.

Viti vyenyewe mtavikuta bandani kwa mama ntilie. Kile cha mguu mpya ni cha karibu na mlango, rangi yake bado haijalingana na wenzake.